Jina Lisilotajwa

Siku mbili nzima Okonkwo hali. Anakunywa tembo tangu asubuhi hadi usiku, macho yamemwiva, na usingizi haumjii. Anamwita mwanawe Nwoye aje akae naye. Kijana anakuja, anakaa. Lakini anamwogopa baba yake, na mara tu anapoona kichwa cha mzee kinaanza kuinama kwa kusinzia, ananyanyuka polepole na kutoka nje.

Tukio hilo limo mwanzoni mwa sura ya nane ya *Things Fall Apart*, riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka London mwaka 1958, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1973 kwa jina la *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute. Limeandikwa kwa mistari michache tu, na msomaji mwenye haraka hulipita bila kugeuka. Hakuna anayegombana na mwenzake hapo, wala hakuna anayesema neno la kukumbukwa. Baba ameita, mwana ameitika, wamekaa, mwana ameondoka.

Wengi walioisoma riwaya hii shuleni hukumbuka mgogoro wa Okonkwo na Nwoye kwa namna nyingine. Katika madaftari ya sekondari jibu huwa fupi: baba anashikilia mila, mwana anafuata dini ya wageni, wanatengana. Si jibu la uongo, ila linauanza ugomvi mahali ulipokaribia kuisha. Wamisionari wanapofika kijijini Mbanta, baba na mwana wamekwisha kuachana kitambo. Waliachana katika nyumba ile, kimya kimya, mmoja akiwa amelewa na mwingine akisubiri alale.

Kwa nini basi Okonkwo alimwita? Riwaya haisemi. Ili kupata jibu inabidi kurudi nyuma kidogo.

Ikemefuna aliletwa Umuofia akiwa na miaka 15, fidia ya mwanamke wa kijiji hicho aliyeuawa na watu wa Mbaino. Wazee walimkabidhi kwa Okonkwo kwa muda, wakamsahau huko miaka mitatu. Nwoye alikuwa na miaka 12. Alikulia ubavuni mwa kijana huyu anayejua kutega panya, kuchonga filimbi na kusimulia hadithi ambazo hata za Umuofia zenyewe zilisikika mpya mdomoni mwake. Okonkwo naye alimpenda, ingawa kwake upendo ulikuwa jambo la kufichwa. Hisia pekee aliyoruhusu ionekane nje ilikuwa hasira. Ikemefuna akamwita baba.

Kisha siku moja mzee Ezeudu akaja na habari kwamba miungu imeamua kijana auawe, na akamwonya Okonkwo asiutie mkono wake humo, kwa kuwa mtoto anamwita baba. Okonkwo akamwambia Ikemefuna kuwa kesho yake atarudishwa kwao. Nwoye aliposikia hivyo alilia, akapigwa sana. Kesho yake wanaume waliondoka na kijana, wakaingia msituni, panga la kwanza likamshukia. Alipomkimbilia Okonkwo akimwita baba, Okonkwo alichomoa panga lake akammaliza mwenyewe. Achebe anataja sababu kwa uwazi: aliogopa kuonekana dhaifu.

Usiku ule baba akarudi nyumbani. Hapa mwandishi angeweza kuweka swali, kilio, hata tusi, lakini haweki hata moja. Anasema tu kwamba Nwoye alijua mara baba yake alipoingia, na kwamba kitu fulani ndani yake kililegea kama upinde uliokatika kamba. Hakulia. Mara moja Achebe anaturudisha kwenye siku nyingine, wakati wa mavuno, Nwoye alipokuwa akirudi shambani na kikapu cha viazi vikuu akasikia vichanga vikilia kichakani. Walikuwa pacha, waliotiwa vyunguni na kutupwa kama desturi ilivyodai. Siku hiyo nayo alisikia kitu kikikatika ndani.

Ufundi wa kusoma kimya cha watu hawa unaanzia hapa. Achebe anakiacha kimya kitupu upande wa maneno na kukijaza upande mwingine: hamtilii Nwoye hoja mdomoni, anampa sauti ya vichanga masikioni. Tangu hapo kila kijana huyu anaponyamaza, msomaji ana vitu viwili vya kushika mkononi, pacha na Ikemefuna, na havihitaji kutajwa tena ili viwepo. Wamisionari watakapoimba wimbo wao juu ya ndugu wanaoishi gizani na hofuni, si mafundisho ya Utatu Mtakatifu yatakayomvuta Nwoye. Riwaya yenyewe inasema hakuyaelewa. Wimbo ule ulionekana kwake kujibu swali la pacha na swali la Ikemefuna, maswali aliyokuwa nayo bila mtu wa kumuuliza.

Na ndiyo sababu wito wa Okonkwo una uzito. Mwanamume huyu aliyekwisha kuua vitani bila kutetereka anashindwa kula kwa sababu ya mtoto mmoja. Watu wawili katika boma lile wanaomboleza maiti ile ile, na wote wawili hawawezi kulitaja jina lake. Kumwita Nwoye aje kukaa ndiyo namna pekee ya kuomboleza ambayo Okonkwo anaijua. Nwoye hawezi kuipokea, kwa kuwa anayemwita ndiye aliyeua. Kuanzia usiku ule hadi mwisho wa kitabu, riwaya haituonyeshi hata mara moja wawili hao wakisemezana habari za Ikemefuna.

Okonkwo anazo hamu za kusema, ila anazipeleka kwingine. Siku ya tatu anakula, anakwenda kwa rafiki yake Obierika, na hapo hapo anamuuliza kwa nini hakufuatana nao kumuua kijana. Wanajadiliana, Obierika anamwambia wazi kwamba tendo lile halikumpendeza. Yaani maneno yalikuwepo, tena mengi, kwa mtu mwingine. Hii ni njia nzuri ya kukipima kimya katika riwaya yoyote: tazama kama mhusika anayenyamaza hapa anasema jambo lile lile pengine. Asiposema popote, huenda hana la kusema, au mwandishi hakulifikiria. Akisema kwa rafiki na kumnyamazia mwanawe, basi kimya kile kina mwenyewe, na kina anwani.

Kuna kimya kingine cha Nwoye ambacho ni rahisi zaidi kukikosea, kwa sababu kinafanana na utii. Kabla ya kifo cha Ikemefuna, Okonkwo alipenda kuwaita vijana wote wawili na kuwasimulia habari za vita na damu. Nwoye alijua kuwa hizo ndizo hadithi za kiume. Moyoni alizipenda bado hadithi za mama yake, za kobe mjanja, za ndege, za ugomvi wa ardhi na mbingu. Akagundua kwamba akijifanya kuzidharau, baba hufurahi, hamkemei wala hampigi. Basi akajifanya. Okonkwo akaona mwanawe anakua. Wasomaji wengi huona kipindi kile kama cha amani, na kweli nyumba ilitulia, ila ilitulia kwa sababu mtoto alikwisha kujifunza kuificha nafsi yake. Kipigo kilimfundisha kunyamaza, na kunyamaza kukamlinda vizuri kiasi kwamba baba hakuwahi tena kumjua.

Hapa inafaa kusema neno juu ya jina la tafsiri. *Shujaa Okonkwo* ni jina zuri la kuuzia kitabu, lakini linamwelekeza msomaji upande wa baba kabla hajafungua ukurasa. Anayeingia ndani akimtafuta shujaa atamwona Nwoye kwa macho ya Okonkwo: goigoi, mfano wa babu yake Unoka aliyekufa na madeni na filimbi yake. Jina la asili halikumpa cheo mtu yeyote, lilizungumzia mambo kusambaratika tu.

Tuje kwenye siku ya mwisho. Ndugu mmoja amemwona Nwoye kati ya Wakristo, akaenda moja kwa moja kwa Okonkwo kumwambia. Jioni kijana anarudi, anaingia kwa baba yake, anamwamkia. Baba haitikii. Katika jamii ya Waigbo ya wakati ule, kama katika nyumba nyingi za huku kwetu ambako mtoto hapiti bila shikamoo na mkubwa hakosi kusema marahaba, salamu isiyoitikiwa ni hukumu. Nwoye anageuka kuelekea ndani. Ndipo Okonkwo anaporuka, anamkaba shingo na kumuuliza alikuwa wapi.

Okonkwo ana kigugumizi. Tunaambiwa tangu ukurasa wa kwanza kwamba maneno yakimkwama hutumia ngumi. Sasa anadai jibu kwa nguvu zote. Anatishia kuua, anashika rungu zito, anapiga mara mbili tatu, anadai tena. Nwoye anasimama anamtazama na hasemi kitu. Wanawake wanapiga kelele nje wakiogopa kuingia. Uchendu, mjomba wa Okonkwo, anaamuru amwachie. Okonkwo hamjibu mjomba wake, lakini mikono inalegea. Nwoye anaondoka na harudi tena.

Mara tatu katika ukurasa mmoja mtu hajibu: baba salamu, mwana swali, baba amri ya mjomba. Hazina maana moja. Okonkwo anaponyamazia salamu anatumia mamlaka, na anaponyamazia amri anaumeza ushinde wake. Kimya cha Nwoye ndicho kigumu. Anayekisoma kama woga anasahau kwamba kijana anamtazama baba usoni, yeye ambaye zamani alitoroka kwa kuvizia mzee asinzie. Anayekisoma kama ushujaa wa imani anasahau kwamba Nwoye hata hajabatizwa vizuri moyoni. Swali la baba lilikuwa dogo mno. Alimuuliza alikotoka siku hiyo, na mwana alikuwa na jibu la miaka kadhaa ambalo halikutosha katika swali hilo.

Baadaye Obierika alimkuta Nwoye Umuofia miongoni mwa Wakristo, akamuuliza habari za baba yake. Kijana akajibu kwamba hajui, tena kwamba yule si baba yake. Obierika akafunga safari hadi Mbanta kutaka kujua kulikoni. Okonkwo hakutaka kuzungumzia jambo hilo, na kidogo alichokipata Obierika alikipata kwa mama yake Nwoye.

Huyo mama naye ana somo lake, la tahadhari. Katika kitabu chote hana jina lake mwenyewe. Anaitwa mama yake Nwoye, basi. Hatusikii alilolia wala alilofikiri mtoto aliyemlea kwa miaka mitatu jikoni kwake alipochukuliwa. Je, hicho nacho ni kimya cha kusomwa? Ndiyo, lakini ni cha namna nyingine kabisa. Ikemefuna anapokosa kutajwa kati ya baba na mwana, mwandishi ametuachia alama kila mahali za kutuonyesha kuwa ametajika moyoni. Kwa mama huyu hakuna alama. Hapo aliyenyamaza ni Achebe, si mhusika, na msomaji anayemzushia mama huyo majonzi marefu anaandika riwaya yake mwenyewe. Kuna watu hodari sana wa kufanya hivyo, hasa kwenye semina.

Kimya kikubwa zaidi cha mwandishi, hata hivyo, kiko katikati ya vitabu viwili. Achebe alieleza kwamba mwanzoni alikusudia hadithi moja ya vizazi vitatu: Okonkwo, mwanawe, na mjukuu wake. Aliona imekuwa nyembamba, akaigawa. Babu akapata kitabu chake mwaka 1958. Mjukuu, Obi Okonkwo, akapata chake mwaka 1960, *No Longer at Ease*, kinachojulikana kwa Kiswahili kama *Hamkani si Shwari Tena*. Wa katikati, Nwoye, hakupata kitabu. Isitoshe, kizazi hicho kilikuwa cha baba yake Achebe mwenyewe, Isaiah Okafo Achebe, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa kwao na mwalimu wa misheni ya Kianglikana. Mwana aliandika juu ya babu, akaandika juu ya rika lake, akaruka baba.

Katika kitabu cha pili Nwoye ni mzee, katekista mstaafu aitwaye Isaac Okonkwo. Mtoto aliyependa hadithi za kobe sasa amempiga marufuku mkewe Hannah kuwasimulia watoto hadithi za kienyeji, kwa kuwa ni za kipagani. Obi aliaibika darasani alipoitwa kusimulia hadithi akakosa ya kusema. Mzee hachomi wala hatupi karatasi yoyote iliyoandikwa. Chumba chake kimejaa karatasi kuukuu, kwa sababu anaamini maandishi ya Mzungu yanadumu na hayadanganyi. Kitabu hakisemi kwamba mzee huyu anaogopa masimulizi. Lakini mtu aliyemjua akiwa na miaka 12 anaweza kuona kwamba hadithi za mdomo zilikuwa za mama yake, na pia za Ikemefuna. Ameufunga mlango huo, akaita kuufunga kwake dini.

Obi amesoma Uingereza kwa mkopo wa chama cha watu wa Umuofia, ana kazi ya serikali Lagos, na anataka kumwoa Clara, muuguzi. Clara ni osu, uzao wa watu waliowekwa wakfu kwa mungu zamani, ambao mwungwana hakuruhusiwa kuoana nao. Isaac anakataa. Obi anamkumbusha kuwa wao ni Wakristo na hayo ni giza la zamani. Mzee aliyemwacha baba yake kwa ajili ya Ukristo anajikuta akimtetea baba yake. Mama naye, mgonjwa kitandani, anamwambia Obi kwamba akimwoa yeye angali hai, damu yake itakuwa juu ya kichwa chake. Obi anajifungia, analala giza siku nzima.

Usiku Isaac anaingia na taa. Anakaa kitini. Haanzi na Clara. Anaanza na siku alipoondoka nyumbani kwa baba yake akiwa kijana mdogo, na baba akamlaani. Obi hajawahi kusikia habari ya laana hiyo. Kisha mzee anasimulia jinsi alivyoletewa habari kwamba baba yake amejinyonga, akajibu kwa maneno ya Injili juu ya waishio kwa upanga, na akakataa kwenda kuzika. Mwalimu wake Mzungu, Bwana Braddeley, alimkemea, akidhani kijana anamsema tarishi wa serikali ambaye Okonkwo alimuua. Braddeley hakujua, anasema mzee, kwamba mimi nilikuwa nikimfikiria Ikemefuna, niliyekua naye nyumbani kwa mama yangu mpaka baba alipomuua kwa mkono wake.

Hapo jina linatajwa, baada ya takriban nusu karne. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huu si mshindo. Ni mzee anayezungumza kwa sauti ya chini chumbani, na anayemsikiliza hakuwahi kumjua aliyekufa. Mwenye haki ya kuulizwa alikwisha kufa mtini.

Na jina lile linatajwa kwa kazi gani? Isaac analitaja ili Obi ajue gharama aliyoilipa yeye kuwa Mkristo, na hivyo aone ana haki ya kusema Ukristo unaishia wapi. Kisha ananyamaza ghafla. Obi anadhani anapumua aendelee. Kumbe amemaliza. Hasemi kwamba Clara naye ni binadamu aliyewekwa kando na desturi, kama Ikemefuna, kama wale pacha. Jambo hilo liko wazi mbele yake, na taa inawaka. Aliyeguswa na kilio cha kichakani anashindwa kusikia kilio kile kile kwa mwanamke aliye hai. Na Obi, ambaye ndiye pekee angeweza kumuuliza, anamwonea baba yake huruma na haulizi.

Muda si mrefu mama anakufa. Obi anatuma fedha, haendi mazikoni. Watu wa Umuofia wanaoishi Lagos wanashangaa, na mmoja wao anakumbusha kuwa hata Isaac hakumlilia baba yake, alisema tu kwamba auaye kwa panga hufa kwa panga. Wenzake wanaona ni damu inayojirudia. Mtu huyo anayajua maneno yale vizuri, kama alivyoyajua Braddeley. Ikemefuna hamjui.